Damu Inapokataa Kuachia

Tuchukue watu wawili wanaofika hospitalini asubuhi moja. Wa kwanza ni mkulima wa makamo mwenye safura ya muda mrefu. Wingi wa damu yake umepimwa na kukutwa 7.5, wakati mwanamume mwenye afya huwa na kama 15. Viganja vimempauka, akipanda kilima anahema na moyo unamwenda mbio, lakini amekuja kwa miguu yake na anaeleza shida yake mwenyewe. Wa pili ni kijana aliyelala na jiko la mkaa chumbani, milango na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Wingi wa damu yake ni 15 kamili. Huyu ameletwa mgongoni mwa ndugu yake, hajitambui.

Katika damu ya kijana huyo, nusu ya nafasi za kubebea oksijeni zimekaliwa na gesi inayotoka kwenye mkaa usioungua vizuri, yaani kaboni monoksidi. Isichanganywe na hewa ukaa, ile tunayoitoa kila tunapopumua. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na chembe ya hemoglobini huipenda zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Kwa hesabu ya sokoni, basi, wagonjwa wetu wako sawa. Mmoja amepoteza nusu ya damu yake kwa minyoo, mwingine nusu ya damu yake imezibwa na gesi. Kila mmoja amebakiwa na nusu. Kwa nini basi mmoja anatembea na mwingine yuko mlangoni mwa kifo?

Swali hili lilinikaa kichwani muda mrefu, na sijaona swali jingine linalofundisha vizuri kama hili jinsi damu inavyofanya kazi. Jibu lake halimo katika kiasi cha oksijeni ambacho damu imebeba. Limo katika namna damu inavyokubali kuiachia.

Hemoglobini ni protini iliyojaa ndani ya kila seli nyekundu ya damu, molekuli karibu milioni 270 katika seli moja. Kila molekuli imefumwa kwa minyororo minne, na kila mnyororo umekumbatia kisahani kidogo kiitwacho hemu, chenye atomu moja ya chuma katikati. Oksijeni hukaa juu ya chuma hicho. Nafasi ni nne, kwa hiyo molekuli moja inaweza kubeba oksijeni nne, tatu, mbili, moja, au isibebe kabisa.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba nafasi hizo nne ni kama vyumba vinne vya kupanga, kila kimoja na mlango wake, mpangaji wa huku hamjui wa kule. Sivyo. Mwaka 1904, huko Kopenhageni, Christian Bohr na wenzake Hasselbalch na Krogh walipima jinsi damu inavyojaa oksijeni kadiri oksijeni inavyoongezwa. Mstari waliopata haukupanda kwa haraka na kupinda taratibu, kama ungepanda iwapo kila nafasi ingejitegemea. Ulianza kwa uvivu, ukapanda kwa kasi katikati, kisha ukalala tena juu, mfano wa herufi S iliyovutwa upande. Maana yake ni kwamba oksijeni ya kwanza huingia kwa tabu, na ikishaingia, zinazofuata huingia kwa wepesi. Nafasi zinasikilizana.

Lakini zinasikilizanaje, ikiwa zimekaa mbali ndani ya molekuli? Chuma kimoja hakigusani na kingine hata kidogo. Dalili ya kwanza ilionekana kwa macho. Mwaka 1938, huko Praha, Felix Haurowitz aliweka chini ya hadubini fuwele za hemoglobini isiyo na oksijeni, vibamba vya zambarau vyenye pembe sita. Hewa ilipopenya kutoka ukingoni mwa kioo na kuzifikia, vile vibamba viliharibika, na mahali pake zikaota fuwele nyingine, sindano nyembamba nyekundu sana. Fuwele ni molekuli zilizopangwa kwa safu kama matofali ukutani. Ukuta ukibomoka wenyewe na kujijenga upya kwa mtindo mwingine, matofali yenyewe yamebadilika umbo. Hemoglobini iliyobeba oksijeni ina umbo lake, na isiyobeba ina umbo lake.

Max Perutz, aliyekuwa akifanya kazi Kembriji, alitumia zaidi ya miaka ishirini kupata ramani ya molekuli hiyo kwa mionzi ya eksirei, na mwaka 1962 akatunukiwa Nobeli pamoja na mwenzake John Kendrew. Mwaka 1970 akaeleza jinsi mabadiliko yenyewe yanavyotokea, na kiini cha maelezo hayo kimesimama hadi leo. Molekuli ikiwa tupu, chuma hakikai sawasawa katikati ya kisahani chake. Kimejitokeza upande mmoja, kwa umbali ambao ni chini ya nusu ya milioni moja ya sehemu ya kumi ya milimita. Oksijeni ikitua, chuma kinavutwa kurudi katikati ya kisahani. Ni hatua ndogo mno, lakini chuma hicho kimeshikwa na mkono wa mnyororo wake, kwa hiyo kikisogea kinauburuta mkono, mkono unauburuta mnyororo, na mnyororo unasukuma ule ulio jirani yake. Vifungo vya umeme vilivyokuwa vinaikaza molekuli katika umbo lake tupu vinakatika. Nusu moja ya molekuli inazunguka juu ya nusu nyingine kwa nyuzi kama 15, na molekuli nzima inakaa katika umbo jipya.

Fikiria watu wanne waliochuchumaa na machela mabegani. Hapo walipo wamebanwa, na kila mmoja kivyake anaona uzito kuinuka. Mmoja akijikakamua akasimama, machela inaelemea upande, na wenzake hawawezi tena kubaki chini kwa raha. Wa pili akiinuka, wawili waliobaki wanainuliwa na machela yenyewe. Kuteremka nako ni hivyohivyo. Mmoja akichuchumaa, wengine wanavutwa chini naye. Kuchuchumaa ndilo umbo lililokazwa, ambalo huipokea oksijeni kwa shingo upande. Kusimama ndilo umbo lililolegea, ambalo huishika oksijeni kwa nguvu. Yote hapa yanategemea hilo, kwamba molekuli hii haina mshiko mmoja. Ina mishiko miwili, na idadi ya oksijeni ilizobeba ndiyo inayoamua itumie upi.

Sasa tuuangalie mchoro wenyewe. Chini, kwenye mstari wa mlalo, weka shinikizo la oksijeni, yaani nguvu ambayo oksijeni inajisukuma nayo kuingia mahali. Hupimwa kwa milimita za zebaki, vilevile kama presha ya damu. Kwenye mstari wa wima weka asilimia ya nafasi zilizojaa. Ndani ya mapafu shinikizo ni kama 100, na hapo damu imejaa asilimia 97 hivi. Damu inayorudi moyoni kutoka mwilini, mtu akiwa amepumzika, iko kwenye 40, na bado imejaa asilimia 75. Nusu inafikiwa kwenye 27 hivi. Kwenye msuli unaofanya kazi ngumu, shinikizo likishuka hadi 20, imebaki kama theluthi.

Tazama namba hizo zinavyosema. Kutoka 100 hadi 60 ni mteremko mkubwa, lakini damu inapungua kutoka asilimia 97 hadi 90 tu. Hapo ndipo juu pa S palipolala, na hiyo ni akiba ya mwili. Mtu akiwa na mafua mazito, au akipanda mlima, mapafu yake yakashindwa kufikia 100, damu bado inaondoka pale karibu imejaa. Kutoka 40 hadi 20, kinyume chake, ni hatua fupi, na damu inamwaga zaidi ya theluthi moja ya mzigo wake wote. Hapo ndipo penye mwinuko mkali, na ndipo tishu zilipo.

Kwa sababu hiyohiyo, kile kipimo kinachobanwa kidoleni kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Namba ikishuka kutoka 98 hadi 90, mtu asiyejua mchoro ataona imepotea kidogo tu. Kumbe shinikizo limeshuka kutoka kama 100 hadi 60, na mgonjwa amefika ukingoni pa genge. Hatua ndogo ijayo ya shinikizo itamporomosha kwa asilimia nyingi. Ndiyo maana wauguzi huanza kuhangaika kwenye 90, si kwenye 50.

Ili kuona faida ya S, jaribu kubuni damu isiyo nayo. Chukua hemoglobini ambayo nafasi zake nne hazisikilizani, lakini inafika nusu kwenye shinikizo lilelile. Kwenye mapafu ingejaa asilimia 79 tu, na kwenye msuli wenye 20 ingebaki na 43. Ingekuwa imegawa 36 kati ya kila nafasi 100. Ya kwetu inagawa 64. Basi tuongeze mshiko, ijae vizuri mapafuni? Protini ya aina hiyo ipo, inaitwa mayoglobini, ina nafasi moja tu na inakaa ndani ya misuli, ndiyo inayoipa nyama wekundu wake. Kwenye mapafu ingejaa 97 kama hemoglobini, lakini kwenye 20 ingekuwa bado imeng'ang'ania karibu 90. Ingezunguka mwili mzima na mzigo wake na kurudi nao. Mshiko mmoja, uwe mkali au mlegevu, hauwezi kazi zote mbili. Lazima ubadilike njiani.

Na hubadilika kwa msaada. Msuli unaofanya kazi hutoa hewa ukaa na asidi, na vyote viwili huvikaza tena vile vifungo vya umbo la kuchuchumaa, kwa hiyo oksijeni inasukumwa itoke palepale inapohitajika. Bohr aliliona hili katika vipimo vyake vya 1904, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Ndani ya seli nyekundu pia kuna kemikali iitwayo BPG inayojipachika katika uwazi wa katikati ya molekuli tupu kama kabari, ikaizuia isisimame mapema. Mtu aliyepungukiwa damu kwa muda mrefu huongezewa kemikali hii na mwili wake, ili damu chache aliyo nayo iwe mwepesi wa kutoa.

Turudi kwa wagonjwa wetu, safari hii tukiwa na mchoro mkononi.

Gramu moja ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye wingi wa damu 15 ana mililita kama 20 katika kila mililita 100 za damu, na akiwa amepumzika mwili wake huchukua 5 kati ya hizo. Wagonjwa wetu wote wawili wana mililita 10 tu, na tuseme miili yao bado inataka 5 zilezile.

Mkulima anatoa 5 kati ya 10. Damu yake inashuka hadi nusu, na kwenye mchoro nusu inasomwa kwenye shinikizo la 27. Ni chini kuliko 40 ya mtu mzima wa afya, lakini bado ni nguvu ya kutosha kuisukuma oksijeni itoke kwenye mshipa mwembamba hadi kwenye seli iliyo mbali nao kidogo. Na kwa kuwa BPG yake imepanda na moyo wake unasukuma damu kwa kasi, hali yake halisi ni afadhali kuliko hesabu hii. Amechoka, lakini anaishi.

Kijana naye atoe 5 kati ya 10. Oksijeni aliyobaki nayo ni robo ya nafasi zote, lakini nusu nyingine bado imekaliwa na kaboni monoksidi, ambayo haitoki. Jumla, nafasi 75 kati ya 100 zimekaliwa. Hemoglobini haibagui ni nani amekaa kwenye chuma. Kaboni monoksidi ikitua, nayo inakivuta chuma katikati, nayo inawainua wabeba machela. Kwa hiyo molekuli zake zimesimama kana kwamba ziko kwenye shinikizo la 40. Lakini hiyo 40 si ya oksijeni peke yake. Gesi hizo mbili zinagawana kulingana na nafasi ilizokalia kila moja, na oksijeni ina moja kati ya kila tatu. Fungu lake ni theluthi ya 40, yaani 13.

Ishirini na saba dhidi ya kumi na tatu, kwa watu wawili wenye mililita zilezile za oksijeni. Hapo ndipo jibu lilipo. Kwenye 13 msukumo ni hafifu mno, seli zilizo mbali na mshipa hazifikiwi, na ubongo ndio wa kwanza kuzimika. Gesi haikuziba nusu ya nafasi tu. Imeifanya nusu iliyobaki ing'ang'anie mzigo wake. Imeunyoosha ule mkunjo wa S, na damu ya kijana huyu imeanza kufanana na mayoglobini, inapita mbele ya tishu zenye njaa ikiwa na oksijeni ambayo haitaki kuishusha.

Mbinu hiyo ya kugawanya shinikizo tumeipata kwa John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uskoti. Mwaka 1895 alikaa katika maabara yake akivuta hewa yenye kaboni monoksidi, akitoa damu kila baada ya muda na kuandika anavyojisikia. Aliendelea hadi zaidi ya nusu ya damu yake ikawa imekaliwa, na kufikia hapo kutembea kulimshinda bila kuyumba. Alitaka kujua kinachowaua wachimbaji wa makaa ya mawe baada ya milipuko.

Kiasi kinachofikisha hapo kinatisha kwa udogo wake. Kwa kuwa mvuto wa gesi hii ni zaidi ya mara 200, hewa yenye sehemu kama 6 tu za kaboni monoksidi katika kila 10,000 inatosha kugawana damu nusu kwa nusu na oksijeni, mtu akiivuta kwa saa nyingi. Usiku mmoja wa usingizi ni saa nyingi. Mkaa uliokolea na kuacha kutoa moshi, ule watu wanaoudhani umekuwa salama kuingizwa ndani, unaendelea kuitoa.

Ni vigumu kuitambua, na ugumu huo nao unatoka katika mchoro uleule. Mwili unajua kwamba oksijeni imepungua kwa kupima shinikizo lake katika damu inayotoka mapafuni. Hapo kijana yuko sawa kabisa, mapafu yake ni mazima na shinikizo ni karibu 100. Kengele hailii, hahemi, hashtuki usingizini. Akiwahi kuamka ana kichwa kizito, kichefuchefu, kizunguzungu na miguu isiyo na nguvu, na kwetu mtu mwenye dalili hizo huambiwa ana malaria au amekula kitu kibaya. Linalofaa kumshtua mwenye kuangalia ni kwamba wote waliolala chumba kimoja wameugua asubuhi ileile bila homa, na waliotoka nje wanapata nafuu. Kwa mama mjamzito hofu ni kubwa zaidi, kwa sababu hemoglobini ya mtoto aliye tumboni tangu mwanzo hushika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, na gesi hii inamzidishia kung'ang'ania huko.

Hata kipimo cha kidoleni kinadanganyika. Kinapitisha mwanga wa aina mbili na kulinganisha damu nyekundu na damu nyeusi, na hemoglobini yenye kaboni monoksidi ni nyekundu pia. Kinaihesabu kama iliyobeba oksijeni. Kijana asiyejitambua anaweza kulala kitandani huku kioo kikionyesha 98. Inahitajika mashine ya maabara inayopima damu kwa mianga mingi zaidi ndipo ukweli uonekane, na pale isipokuwepo, daktari anabaki na swali moja la kumwuliza ndugu aliyemleta: mlilala na jiko?

Ndugu akijibu ndiyo, hakuna kusubiri. Kijana anavishwa barakoa ya oksijeni tupu, hata kama kidole kinasema haihitaji. Oksijeni nyingi haiing'oi kaboni monoksidi kwa nguvu. Inashindana nayo kwa wingi. Kila gesi hiyo inapoachia chuma kwa sekunde, oksijeni iko tayari kukaa mahali pake, na iliyotoka inapumuliwa nje. Katika hewa ya kawaida nusu ya gesi ingechukua saa nne hadi sita kuondoka. Chini ya barakoa inachukua kama saa moja na nusu. Nafasi 50 zilizokaliwa zinakuwa 25, kisha 12 baada ya saa tatu hivi. Kadiri gesi inavyotoka, molekuli zinapata tena uwezo wa kuchuchumaa zinapofika kwenye tishu, mkunjo wa S unarudi, na zile mililita ambazo damu ilikuwa nazo tangu asubuhi zinaanza kushushwa. Kijana anafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Kwenye kidole chake namba ni 98, kama ilivyokuwa alipoletwa.